Mbwa alinusa nini kwenye soksi za watoto wa Gambia?

Soksi zenyewe zilikuwa za nailoni. Watoto wa mashambani nchini Gambia, wenye umri wa miaka 5 hadi 14, walizivaa jioni, wakalala nazo, na asubuhi wakazivua. Hakuna aliyekuwa akitetemeka kwa homa wala kulalamika kichwa. Kwa macho wote walikuwa wazima. Ni walipotobolewa kidole na damu yao kupimwa ndipo ilipojulikana kwamba baadhi yao walikuwa wamebeba vimelea vya malaria bila dalili yoyote.

Soksi hizo zikafungwa, zikagandishwa, kisha zikasafirishwa hadi Uingereza, kwenye kituo kimoja karibu na Milton Keynes ambako mbwa hufundishwa kunusa magonjwa. Zilikuwa sampuli 175: 30 za watoto wenye vimelea na 145 za wasio navyo. Mbwa wawili, Lexi na Sally, walipitishwa mbele yake, moja baada ya nyingine. Walikuwa wamefundishwa jambo moja tu: ukinusa malaria, simama hapo hapo; usipoinusa, pita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Katika kila watoto 10 wenye vimelea, mbwa waliwatambua kama 7. Katika kila 10 wazima, waliwapita kama 9.

Mimi nilipoisoma habari hiyo nilibaki na soksi kichwani kuliko mbwa. Soksi imekaa kwenye friza kwa miezi. Ina jasho, vumbi, sabuni, moshi wa kuni, harufu ya kitanda na ya mdogo wake mtoto aliyelala naye. Vimelea wenyewe hawamo. Wako kwenye damu ya mtoto, Gambia. Sasa mbwa alisimama kwa sababu ya nini?

Ili kujibu inabidi tuifuate harufu njia nzima, kuanzia puani.

Kama una mbwa nyumbani, mwagia unga kidogo sakafuni na uweke kipande cha nyama katikati yake. Usimwangalie mdomo, angalia unga. Akianza kunusa utaona unga unapeperuka pembeni na kurudi nyuma, kushoto na kulia, kama mtu aliyefagia kwa mikono miwili. Ukiinama zaidi utaona kwamba kila tundu la pua lina mpasuko ubavuni, mfano wa alama ya mkato. Hewa inaingia kwa mbele kupitia tundu, na inatoka kwa ubavuni kupitia mpasuko. Sisi tukipumua nje tunaisukuma mbali ile harufu tuliyokuwa tukiitafuta. Mbwa akipumua nje, pumzi yake inaelekea pembeni na nyuma, na mwendo huo unasaidia kuvuta hewa mpya ya mbele ije puani. Hilo hutokea kwa kasi ya mara tano hivi kwa sekunde. Ndiyo maana mbwa anayenusa husikika kama pampu ndogo ya baiskeli.

Na ile pua yenye majimaji, ambayo wengi wetu wa pwani tunaikwepa isituguse kanzu wala kanga, nayo ina kazi: chembe za harufu hunata kwenye unyevu huo.

Ndani ya pua kuna jambo jingine ambalo sisi hatuna. Kwetu, hewa ya kupumua na hewa ya kunusa hupita njia moja. Kwa mbwa, hewa ikishaingia hugawanyika. Sehemu kubwa huteremka kuelekea mapafuni. Kiasi kidogo, kama asilimia 12, hupanda juu na kwenda kwenye chumba kilicho nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo, chenye kuta zilizokunjwakunjwa kama karatasi iliyofinyangwa ikaachwa ifunguke kidogo. Mbwa anapopumua nje, pumzi hiyo haipiti chumbani humo. Kwa hiyo harufu iliyoingia hukaa. Haifagiliwi nje na kila pumzi. Mkupuo unaofuata huongeza juu ya ule uliopita. Harufu hafifu sana, ambayo mkupuo mmoja usingetosha kuitambua, hupata nafasi ya kujilimbikiza.

Kuta za chumba hicho zimefunikwa na ute, na ndani ya ute kuna seli za kunusa. Za binadamu hukadiriwa kuwa milioni 5 au 6. Za mbwa, kutegemea aina, hupita milioni 200. Lakini wingi wa seli ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni aina za vipokezi, yaani vile vifaa vidogo kwenye seli vinavyoshika molekuli ya harufu. Mbwa ana aina 800 hivi zinazofanya kazi. Sisi tuna 400 hivi, na masalia ya jeni nyingine nyingi zilizokufa zamani katika ukoo wetu.

Linda Buck na Richard Axel, waliogundua familia ya jeni hizo mwaka 1991 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004, ndio waliofungua mlango wa kuelewa jinsi vipokezi vinavyofanya kazi. Mtu angedhani kuna kipokezi cha karafuu, kipokezi cha samaki, kipokezi cha mafuta ya taa. Sivyo. Kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa. Harufu ni mchanganyiko, kama neno lilivyo mchanganyiko wa herufi. Kwa herufi 24 tu Mswahili anaandika kila kitu, kuanzia barua ya posa hadi hati ya mashtaka. Mwenye herufi 800 hatuzidi mara mbili tu. Maneno anayoweza kuyatofautisha ni mengi mno kuliko mara mbili.

Hapo ndipo zinapotoka zile namba za kuvutia kwamba mbwa ananusa mara 10,000 au mara 100,000 kutuzidi. Binafsi namba hizo sizipendi, kwa sababu tofauti inategemea harufu ipi. Ziko harufu ambazo pua ya binadamu haiko mbali sana na ya mbwa. Afadhali kipimo kimoja kilichofanywa vizuri: mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya mbwa wawili waliopimwa kwa kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu. Waliitambua ikiwa sehemu moja hadi mbili tu katika trilioni ya hewa. Kwa upande wa maji, hiyo ni kama tone moja lililotiwa kwenye mabwawa 20 ya kuogelea ya Olimpiki.

Turudi kwenye soksi. Mwili hutoa harufu kwa sababu mwili ni jiko lisilozimwa. Chakula huvunjwa, mafuta huoksidishwa, bakteria wa ngozi hula jasho, na mabaki mepesi ya kazi hiyo hupaa kama mvuke kupitia ngozi, pumzi na mkojo. Ugonjwa ukiingia, jiko hubadilisha mapishi. Kwa malaria hilo limepimwa kwetu hapa Afrika Mashariki: watafiti waliofanya kazi na watoto wa magharibi ya Kenya walionyesha mwaka 2018 kwamba watoto wenye vimelea hutoa kwa wingi zaidi kemikali za kundi la aldehidi, zikiwemo heptanali, oktanali na nonanali. Si harufu mpya kabisa. Mtoto mzima anazo pia. Kilichobadilika ni kiasi na uwiano.

Na walioifahamu habari hiyo kabla yetu ni mbu. Harufu ya mtoto mwenye vimelea huwavuta zaidi, na kwa kimelea hiyo ni faida tupu: akivuta mbu, amepata usafiri wa kwenda kwa mtu mwingine. Kwa maneno mengine, tangazo lilikuwepo hewani siku zote, likiwalenga mbu. Mbwa amefundishwa tu kulisoma.

Kufundishwa kwenyewe ndiko kunakoamua kila kitu, na ndiko makosa yanakojificha. Mbwa hajui malaria. Anajua kwamba akisimama mbele ya chombo fulani anapewa kipande cha chakula au mpira. Atatafuta alama yoyote inayomfikisha kwenye mpira, na hana wajibu wa kuchagua alama uliyokusudia wewe. Fikiria mtafiti ameweka soksi za wagonjwa kwenye friza moja na za wazima kwenye friza nyingine. Baada ya mwezi kila friza imeachia soksi zake harufu yake. Mbwa atapata alama 100 kwa 100, watu watapiga makofi, na alichojifunza ni kutofautisha friza. Au wagonjwa wote wametoka kijiji kinachopikia kuni na wazima kijiji kinachopikia mkaa. Au aliyezifunga soksi za wagonjwa alivaa glovu za aina nyingine. Dawa yake inachosha lakini haina mbadala: sampuli zote zikusanywe, zifungwe na zihifadhiwe namna moja, na siku ya mtihani mbwa apewe soksi za watoto ambao hajawahi kuwanusa. Asipofanyiwa hivyo utakuwa umepima kumbukumbu yake ya watoto, kwani kila mtu ana harufu yake.

Halafu kuna binadamu aliyesimama kando. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio ambalo kila anayefanya kazi na mbwa anapaswa kulijua. Waliwachukua waongozaji 18 na mbwa wao waliozoea kutafuta dawa za kulevya au baruti, wakawaingiza kwenye jengo la kanisa. Waongozaji waliambiwa kwamba harufu inayotafutwa imefichwa humo, na kwamba kwingine karatasi nyekundu inaonyesha mahali ilipo. Ukweli ni kwamba hakukuwa na kitu popote. Kati ya misako 144, ni 21 tu iliyomalizika bila mbwa kudaiwa kutoa ishara. Iliyobaki yote ilikuwa na ishara moja au zaidi za uongo, na zilizidi kule kwenye karatasi ambayo mbwa hakuwa na sababu ya kuijali. Aliyeijali ni mwenye kamba. Huenda alipunguza mwendo, akakaza kamba, akaangalia pale. Au aliona ishara kwa sababu aliitarajia. Mbwa ameishi na watu kwa maelfu ya miaka na anasoma bega la bwana wake kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo kwenye mtihani wa maana, mwongozaji mwenyewe hatakiwi kujua jibu liko wapi.

Lakini pia kuna wakati ambapo mbwa yuko sahihi na jibu letu ndilo lenye kosa. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa mbwa sita waliofundishwa kunusa saratani ya kibofu kwenye mkojo. Kila mara kulikuwa na sampuli saba, moja ya mgonjwa. Kwa kubahatisha wangepata asilimia 14, walipata 41. Si matokeo ya kukufanya uuze mashine za hospitali. Ila wakati wa mafunzo kulikuwa na mkojo mmoja wa mtu aliyehesabiwa mzima, ambao mbwa wote walishikilia kwamba ni wa mgonjwa. Wakarudishwa, wakarudi pale pale. Mwishowe mtu huyo alipimwa tena, akakutwa na saratani ya figo.

Sasa hizo asilimia 70 na 90 za soksi zina maana gani kazini? Tupige hesabu. Tuseme abiria 1,000 wanashuka meli, na 20 kati yao wana vimelea. Mbwa anawasimamisha 14 kati ya hao 20, sita wanampita. Katika wale 980 wazima, anakosea kwa mmoja kati ya kila 10, yaani anawasimamisha 98. Jumla amesimamisha watu 112, na wenye malaria kweli ni 14. Yaani ukisimamishwa na mbwa, uwezekano mkubwa huna kitu. Anayekwambia mbwa ataondoa kipimo cha damu hajaifanya hesabu hii. Lakini igeuze: badala ya kuwatoboa vidole watu 1,000 umewatoboa 112, na umewapata 14 ambao hawana homa na ambao pasipo mbwa wasingefika kituo cha afya kabisa. Kwa mahali palipokaribia kuitokomeza malaria na ambapo ugonjwa huletwa na wasafiri, biashara hiyo inaweza kulipa. Nikiifikiria, picha inayonijia ni gati ya Malindi, Unguja, boti ya Dar ikishusha watu. Mahali ambapo nusu ya watu wanaumwa, mbwa hana kazi, wapime wote.

Wale sita waliompita nao wana somo. Kule kwenye soksi, watafiti walidhani kwamba baadhi ya watoto ambao mbwa waliwapita walikuwa wamebeba vimelea vilivyofika hatua nyingine ya maisha, ile ya kusubiri kuchukuliwa na mbu, na kwamba harufu ya hatua hiyo ni tofauti kidogo. Mbwa hanusi neno "malaria". Ananusa alichofundishiwa, na kikibadilika hata kidogo anaweza kupita.

Jambo hilo hilo ndilo linaloongoza kazi ya vitu vilivyofichwa. Watu hudhani mbwa wa uwanja wa ndege ananusa kokeini. Kokeini yenyewe haipai sana hewani. Anachokipata ni hasa benzoati ya methili, kemikali nyepesi inayotoka kadiri kokeini inavyovunjika taratibu kwa unyevu. Baruti ya C-4 nayo, kilipuzi chenyewe hakitoi mvuke wa maana, na mbwa hushika kiyeyusho kilichobaki tangu kiwandani. Kuzungushia plastiki, kufukia kwenye kahawa, kupaka pilipili, hakusaidii sana kwa sababu mbwa haisikii kahawa kama pazia. Anazisikia zote mbili, kahawa na kile kilichomo. Na plastiki huvuja, inachelewesha, haizuii.

Mtego wa hapo ni ule ule wa friza. Ukimfundisha mbwa kwa pembe za ndovu zilizotoka ghala moja tu, zimeandikwa namba kwa wino uleule na kushikwa na askari wale wale, unaweza kupata mbwa bingwa wa kutafuta wino.

Bandarini Mombasa, ambako mbwa hutafuta pembe za ndovu, kulikuwa na tatizo jingine, la jua. Kontena zimepangwa moja juu ya nyingine, bati linachoma, na mbwa akipata joto hutoa ulimi na kuhema. Kuhema ni kupumua kwa mdomo ili kujipoza, na hewa inayopita mdomoni haifiki kwenye kile chumba cha nyuma ya pua. Mbwa anayehema ni kama mtu anayesoma huku amefumba jicho moja: bado anaonekana yuko kazini. Mwongozaji mzuri humwangalia ulimi kabla ya kumwangalia mkia.

Mwaka 2018 ulianzishwa huko Kilindini utaratibu ambao naupenda kwa wepesi wake. Mashirika ya uhifadhi ya WWF na TRAFFIC yalishirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, na badala ya kumpeleka mbwa kwenye kontena, wakaipeleka hewa ya kontena kwa mbwa. Hewa inanyonywa kutoka ndani na kupitishwa kwenye kichujio, kichujio kinabeba harufu, kisha kinapelekwa kwa mbwa anayekinusa mbali na vurugu za kontena. Asiposema kitu, kontena linaendelea na safari, akisimama, linafunguliwa. Ni soksi tena, ukiitazama vizuri.

Kuna usumbufu mmoja wa kazi hii ambao kwenye picha za magazeti hauonekani. Kontena nyingi hazina pembe za ndovu, kama watu wengi wasivyo na malaria. Mbwa anaweza kunusa vichujio siku nzima asikute chochote, na mbwa asiyekuta chochote hapati mpira, na asiyepata mpira baada ya siku kadhaa huanza kupita tu, au huanza kusimama ovyo ajaribu bahati. Kwa hiyo waongozaji huchomeka katikati ya kazi sampuli wanayoijua wenyewe, kipande kidogo kilichofichwa asubuhi, ili mbwa akikute, alipwe na arudi banda lake akiwa bado anaamini kuna kitu cha kutafuta.